Nauli ni ya Konda: dodoso la akiba katika darasa moja la kidato cha Tatu

Mwanafunzi aliyeibuka wa kwanza kwa kuweka akiba katika darasa langu alikuwa anashinda na njaa. Nililijua hilo wiki ya tatu ya mradi, baada ya kumsifu mbele ya wenzake bila kumtaja, kwa namba tu. Naandika kisa hiki kwa kirefu kwa sababu walimu wengi wa masomo ya biashara tunafanya zoezi la aina hii, tunahesabu nani ameweka ngapi, tunampigia makofi wa juu, na pengine tunapiga makofi mahali pabaya.

Shule ni ya kutwa, ya serikali, jijini Dar es Salaam. Wanafunzi 41 wa mkondo mmoja, wengi wao wana miaka 16 au 17. Ada hatuna tangu elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, lakini mtoto wa shule ya kutwa bado anatoka nyumbani kila asubuhi na pesa mkononi, maana lazima apande daladala na lazima ale. Mradi wenyewe ulikuwa mdogo: wanafunzi wajichunguze wanapata kiasi gani, kinakwenda wapi, na nini kinabaki, halafu tutumie takwimu zao wenyewe kujifunza hesabu za wastani na kutengeneza bajeti.

Dodoso la kwanza niliandika kwa Kiingereza, kwa kuwa ndiyo lugha ya kufundishia. Lilikuwa na maswali matano. La kwanza liliuliza mwanafunzi anapata pesa ya mfukoni kiasi gani kwa siku, na la tatu liliuliza kama anaweka akiba, ajibu ndiyo au hapana. Karatasi zikarudi siku hiyohiyo. Wanafunzi 33 kati ya 41 walisema wanaweka akiba. Nilifurahi. Lakini katika swali la kwanza wanafunzi tisa walikuwa wameandika sifuri, na miongoni mwa majina ya waliokuwa wakishuka daladala kila asubuhi pale kituoni, nisingeweza kuwapata tisa wasio na hata mia.

Nilipouliza darasani, bila kutaka kujua nani aliandika nini, binti mmoja wa kiti cha nyuma alinyoosha mkono. "Mwalimu, mimi napewa buku, lakini si yangu. Mia nne ni ya konda, mia tano ya mama wa mihogo, inayobaki ni ya mwandiko." Mwandiko kwao ni fotokopi na karatasi za majaribio. Wenzake wakaitikia kwa wingi. Kwa hesabu yao, pesa ya mfukoni ni ile unayoweza kuitumia upendavyo bila kuulizwa, na hiyo wengi hawana. Wengine, waliopewa buku hiyohiyo, walikuwa wameandika 1,000. Kwa hiyo safu moja ya majibu ilikuwa imechanganya vitu viwili: jumla ya pesa inayopita mkononi, na pesa iliyo huru. Wastani wowote ambao ningeupata pale usingekuwa na maana.

Kosa la swali la tatu lilikuwa la aina nyingine. Mwalimu wa biashara anapomuuliza mwanafunzi wake kama anaweka akiba, jibu analijua kabla ya kuuliza. Mtoto hasemi uongo kwa nia mbaya, anajibu anavyodhani mtoto mwema anatakiwa kujibu. Wengine waliokuwa na shilingi 200 kwenye begi tangu jana waliita hiyo akiba, ingawa ilikuwa nauli ya kurudia ambayo haikutumika kwa sababu walipewa lifti.

Nikaliweka dodoso pembeni tukaenda kwenye daftari. Kila mwanafunzi alipewa karatasi moja iliyokunjwa mara mbili, yenye mistari kumi kwa siku kumi za shule, na safu tano: nilichopewa, nauli, chakula, vingine, kilichobaki. Kwa Kiswahili. Badala ya jina kulikuwa na namba ambayo kila mtu aliichomoa mwenyewe kwenye kofia, na mimi sikuiona. Kila mchana kabla ya kengele ya mwisho nilitoa dakika tatu wajaze. Hizo dakika tatu ndizo zilizobeba kazi yote, kwa sababu ukimwambia mtu wa miaka 16 akajaze nyumbani, atajaza siku kumi zote usiku wa kuamkia siku ya kukusanya.

Na baadhi walifanya hivyo hata hivyo. Zilirudi karatasi 34. Kati ya hizo tatu niliziondoa, na si vigumu kuzitambua: wino ni uleule na mwandiko umekaa sawa kuanzia mstari wa kwanza hadi wa kumi, namba zote zinaishia na 500 au 000, kila siku imebaki pesa ileile, na hakuna hata siku moja ambayo hesabu imekataa. Karatasi ya kweli ni chafu. Ina siku iliyokatwa na kuandikwa upya, ina shilingi 50 ambayo mwenyewe haelewi ilikwenda wapi, ina doa la mafuta ya mihogo. Tukabaki na karatasi 31.

Nilichukua kiasi cha kawaida cha kila mwanafunzi kwa siku aliyofika shule, nauli ikiwemo, tukakipanga ubaoni kutoka kidogo hadi kikubwa. Watatu walipata 800. Tisa walipata 1,000. Wanane 1,500, sita 2,000, wawili 3,000, na watatu 5,000. Tukajumlisha, ikawa 56,400. Tukagawa kwa 31, tukapata kama 1,819. Nikawauliza nani humu anapewa 1,819 au kitu kinachokaribia. Walicheka, kisha wakanyamaza, maana wanafunzi 20 kati ya 31 walikuwa chini ya hapo. Tukawatoa wale watatu wa 5,000 na kugawa tena: 41,400 kwa watu 28, karibu 1,480. Watoto watatu walikuwa wameuvuta wastani wa darasa zima kwa zaidi ya shilingi 300. Lakini mtu wa katikati, wa 16 ukihesabu kutoka upande wowote, anapata 1,500, na ukiwatoa watatu wale bado katikati panasoma 1,500. Katika pesa za watoto wa darasa moja, ambako wachache hushushwa na gari la mzazi na wengine hutembea, namba ya katikati ndiyo inayosema ukweli wa walio wengi.

Hapo nilifanya jambo ambalo sitalirudia. Nilichora nguzo za grafu ubaoni, na nguzo ya mwisho, ya 5,000, ilikuwa imesimama peke yake mbali na nyingine. Macho yakahamia upande mmoja wa darasa. Namba zilikuwa za siri, lakini kila mtu alijua nani hununua chipsi kuku wakati wa mapumziko. Baadaye niligundua kwamba na wale wa 800 walijulikana vilevile, kwa viatu. Katika darasa dogo siri ya namba haitoshi. Makundi ya watu wawili au watatu hayafai kuonyeshwa peke yake, yaunganishwe na la jirani. Ningesema tu "2,000 na zaidi: watu 11", na hakuna ambaye angegeuziwa shingo.

Sasa tuitazame 1,500 yenyewe. Nauli ya mwanafunzi katika daladala za jiji ni shilingi 200 kwa safari. Anayepanda gari moja anatoa 400 kwenda na kurudi, anayebadili gari anatoa 800. Kwa hiyo yule wa katikati anabaki na 1,100 au 700. Hapa nje ya geti muhogo wa kukaanga wenye kachumbari unampatia mtoto shibe ya 500, sahani ya wali maharage ni 1,000. Mwenye kubadili gari hawezi kula wali kabisa. Hata aliyepanda gari moja, akila wali anabaki na 100. Tunapowaambia watoto hawa waweke akiba asilimia 10 ya wanachopata, tunawaambia watoe 150, na 150 hiyo haimo mahali popote isipokuwa kwenye chakula au kwenye miguu.

Hiyo ndiyo hesabu niliyopaswa kuifanya kabla ya kumsifu namba 17.

Baada ya siku kumi, wanafunzi 12 walibakiwa na sifuri. Kumi na mmoja walikuwa na kitu kisichofika 1,000. Wanane walikuwa na 1,000 au zaidi. Wa juu kabisa alikuwa namba 17, aliyebakiwa na 4,600 huku akipewa 1,000 tu kwa siku. Namba 9, aliyepewa 5,000 kila siku, alibakiwa na 3,000. Ilikuwa kama kisa kilichoandaliwa kwa ajili ya somo: mwenye kidogo ameweka karibu nusu, mwenye kingi ameweka asilimia 6. Nikakisema darasani. Wakapiga makofi.

Nilirudi kwenye karatasi ile jioni kwa sababu nilitaka kuinakili kama mfano wa bajeti. Nikaanza kuisoma mstari kwa mstari. Alipewa jumla ya 10,000. Safu ya nauli ilikuwa na 200 kila siku, siku zote kumi, jumla 2,000, yaani asubuhi anapanda na mchana anatembea. Safu ya chakula ilikuwa na 500 katika siku nne, jumla 2,000. Siku sita zilizobaki palikuwa na kistari kifupi, kimechorwa kwa uangalifu, kila kimoja urefu uleule. Vingine: daftari na kalamu 400, mchango wa msiba wa mwenzao 1,000. Matumizi yote 5,400, kilichobaki 4,600. Hesabu ilikaa sawasawa bila kosa la hata shilingi moja. Na mtoto huyu, kama kistari kile kilimaanisha nilichodhani, alikuwa anatoka nyumbani saa 11 alfajiri, anakaa darasani mpaka saa 8 na nusu mchana, kisha anatembea kurudi, siku sita kati ya kumi bila kutia kitu mdomoni.

Lakini huenda alibeba viazi kutoka nyumbani. Huenda alikula kwa rafiki. Karatasi yangu haikuwa na nafasi ya kusema hivyo, na kosa hilo lilikuwa langu: sifuri ya mtu aliyeshiba na sifuri ya mtu mwenye njaa zilionekana sawa. Kesho yake nilirudisha karatasi zote mezani zikiwa zimefunikwa, kila mtu akachukua ya namba yake, nikawaomba waweke herufi penye chakula sifuri: N kama chakula kilitoka nyumbani, R kama alikula na rafiki, H kama hakula. Sikusema kwa nini nauliza.

Katika wale wanane wenye akiba kubwa, watano walikuwa na siku nne au zaidi za chakula sifuri. Mmoja wao aliandika N karibu kote. Wanne waliandika H. Namba 17 aliandika H tano na R moja.

Nusu ya waweka akiba wangu wakubwa walikuwa wamejinyima chakula. Wala si kwamba walikuwa wajinga. Ukisoma safu ya "vingine" kwa wiki mbili unaona walichokuwa wanakifukuzia. Mmoja aliandika mwishoni, kwa herufi ndogo pembeni, "pedi". Pakiti ya taulo za kike dukani kwetu inakula chakula cha siku tatu au nne za mihogo. Serikali iliwahi kuziondolea kodi ya ongezeko la thamani mwaka 2018, ikairudisha mwaka uliofuata kwa maelezo kwamba bei kwa mnunuzi haikushuka. Mtoto wa kike anayejinyima mihogo wiki ya tatu ya mwezi ili wiki ya nne aje shule, huyo anafanya mpango wa fedha mkali kuliko wowote nilioufundisha mimi. Ila si jambo la kushindanisha watu nalo, wala la kupigia makofi.

Kuna tundu jingine kwenye daftari ambalo nusura linipite. Karatasi 31 kwa siku kumi zilitakiwa kuwa na mistari 310. Mistari 23 ilikuwa mitupu, mwanafunzi hakufika. Nilikuwa nimeiruka katika kupiga hesabu, kama kila mtu anavyofanya. Nilipouliza sababu kwa njia ileile ya herufi, mistari tisa ilikuwa ya siku ambazo nauli haikupatikana nyumbani. Maana yake ni kwamba siku zenye pesa kidogo kuliko zote hazikuingia kabisa kwenye takwimu, kwa kuwa siku hizo mtoto hakuwepo kujaza karatasi. Namba 26 alionekana mtu wa 1,000 kwa siku. Ukiangalia mistari yake unakuta 2,000, halafu 500, halafu 1,000, halafu mtupu. Mama yake, nadhani, anauza kitu, na mtoto anapewa kulingana na mauzo ya jana. Mtu wa namna hiyo huwezi kumfundisha bajeti ya kila siku. Anahitaji kufikiri kwa wiki: siku ya 2,000 ndiyo inayolisha siku ya mtupu. Na akiba yake ya kwanza si ya viatu, ni nauli ya siku mbili iliyofichwa kwenye kurasa za kamusi.

Baada ya hapo tuliandika dodoso upya, safari hii pamoja na wanafunzi wenyewe, kamati ya watu sita. Tukakubaliana kutouliza mtu "huwa unafanya nini", tukauliza jana tu, kwa sababu jana inakumbukika na haina sifa ndani yake. Jana ulipewa shilingi ngapi kabla ya kutoka nyumbani? Nauli ilikuwa ngapi? Ulikula nini shuleni, na kilitoka wapi? Kisha likaja swali ambalo kamati ililibishania kipindi kizima: Je, leo una pesa yoyote ambayo si ya jana wala ya leo? Iko wapi? Ni ya nini, na kitu hicho kinauzwa bei gani?

Neno "akiba" halimo popote. Mwanzoni nililipinga hilo, lakini kijana mmoja wa kamati alisema jambo lililonishinda: "Ukiandika akiba, Mwalimu, watajua ni mtihani."

Walijibu 39. Wale 33 wa mwanzo waliosema wanaweka akiba sasa wakawa 19 wenye pesa wanayoweza kuionyesha kidole ilipo. Saba walikuwa na kibubu. Watano walikuwa kwenye mchezo wa kupokezana pesa. Wanne wamemwekesha mama au bibi. Watatu wameiweka kwenye simu, na hapo pana jambo la kutazama: bila kitambulisho cha taifa, ambacho hutolewa kwa mwenye miaka 18, kijana hawezi kusajili laini kwa jina lake, kwa hiyo pesa hiyo imo kwenye laini ya kaka, shangazi au mzazi. Benki hakuna hata mmoja, ingawa benki zetu kubwa zina akaunti za watoto na vijana. Akaunti hizo hufunguliwa na mzazi, na mzazi anayetoa buku asubuhi haendi benki kwa ajili ya buku.

Kila mahali pa kuwekea pana namna yake ya kuvuja. Kibubu ni kimya kama jina lake, lakini kimo nyumbani. Wanne kati ya saba waliandika kwamba kimewahi kufunguliwa na mtu mzima kwa dharura: gesi imeisha, mgeni kaja, mdogo anaumwa. Wawili waliandika pesa ilirudi. Mmoja aliandika "mama alikopa, namdai 3,000", na chini yake, "simdai tena". Sentensi hiyo ya pili sikuijumlisha popote kwenye takwimu, ila ndiyo niliyoikumbuka nilipokuwa nikizungumza na wazazi kikaoni. Sikuwaambia wasiguse. Nyumba yenye kibubu cha mtoto na jiko lisilo na gesi haiwezi kujifanya haikioni. Niliwaomba tu wamwambie mtoto kabla ya kufungua, na wamtajie siku ya kurudisha, hata kama ni mwisho wa mwezi.

Mchezo ulinishangaza zaidi. Watano wale walikuwa kwenye kundi la watu kumi, wengine wa mkondo wa pili, kila Jumatatu kila mmoja anatoa 500, mmoja anabeba 5,000. Hawakufundishwa na mtu, wamewaona mama zao. Katika darasa zima hawa ndio waliokuwa na mwenendo ulionyooka, na sababu si ugumu wa moyo wao. Mtu anayekula pesa ya kibubu anajibizana na nafsi yake tu, lakini anayekosa mchezo Jumatatu atakutana na wenzake tisa mstarini. Pia 500 kwa wiki ni 100 kwa siku, kiasi ambacho kinatoka kwenye pipi na ubuyu kabla hakijagusa chakula. Niliangalia safu zao za chakula: hakuna hata H moja.

Lakini mchezo nao ukavunjika wiki ya sita, na namna ulivyovunjika inafundisha kuliko ulivyokuwa ukienda. Walipanga zamu kwa shida: mwenye shida kubwa anapokea kwanza. Ni utu, na ndilo kosa. Aliyepokea wiki ya pili alihama shule wiki ya tano akiwa amechangia mara nne. Alikuwa amebeba 5,000 na kutoa 2,000, na ile 3,000 iliyobaki ilikuwa iwaangukie wa mwisho, ambao ni wale waliokubali kusubiri. Wakaja ofisini kwangu wawili, mmoja amekunja uso, mwingine ananiambia "shikamoo Mwalimu" mara ya pili bila kujua. Tulikaa tukapiga hesabu. Waliokwisha kupokea walikuwa watano, aliyehama akiwa mmoja wao, kwa hiyo walibaki wanne wenye deni na watano wanaodai. Wakaamua wenyewe kwamba pengo la 500 kwa kila zamu tano zilizobaki, jumla 2,500, waligawane watu wote tisa waliobaki, waliopokea na wasiopokea. Ni chini ya 300 kwa kila mtu. Zamu mpya wakaipanga upya kwa kura, na mwenye dharura anabadilishana na mwenye kura ya juu kwa makubaliano, mbele ya wote.

Walipokuwa wakiondoka niliona wameandika 3,000 kwenye daftari lao kama hasara. Hesabu yao ilikuwa na tofauti ya 500 na yangu, kwa sababu mchango wa wiki ya tano wa aliyehama ulikuwa umezibwa tayari na mtunza hazina kutoka mfukoni mwake, kimyakimya. Nikamwita arudi, tukamwingizia hiyo 500 yake.

Swali la mwisho la dodoso, la kitu na bei yake, lilikuwa na jibu la kutegemewa kiasi. Kati ya wale 19, kumi na mmoja walitaja kitu na bei: viatu, mkebe wa hesabu, pedi, fulana ya michezo. Wanane walisema "ya baadaye" au "dharura". Tuliuliza tena baada ya wiki nne. Kati ya 11, wanane walikuwa bado nayo au wamekinunua kitu chenyewe. Kati ya wale wanane wa "ya baadaye" au "dharura", wawili tu. Sitasema kwamba kutaja bei ndiko kulikolinda pesa. Huenda mwenye shida ya viatu ndiye anayejua bei ya viatu, na shida hiyo ndiyo inayomzuia. Ni watu 19 wa darasa moja, na mmoja akibadili jibu mizani inahama. Kwa matumizi ya darasani inanitosha: sasa nawaambia wakaulize bei kwanza, dukani, kabla ya kuweka hata shilingi mia.

Ubao wa mwenye akiba kubwa niliuondoa. Mahali pake, katika karatasi mpya ya siku kumi, kuna safu ya sita inayotangulia zote: "umekula?" Na kuna sharti moja tuliloandika juu kabisa, kwa maneno ya kamati: pesa ya kuweka haihesabiwi siku ambayo hukula. Suala la chakula nililipeleka kwa mkuu wa shule likiwa na herufi H tu, bila namba za watu. Chakula cha mchana katika shule ya kutwa hutegemea makubaliano na michango ya wazazi, na hapa kwetu wengi hawajawahi kuchangia kwa sababu hawajui kiasi kinaweza kugawanywa. Kamati ya wazazi sasa inapokea kwa wiki, si kwa muhula. Sufuria ya makande imeongezwa moja.

Duru ya pili ya daftari ilifanyika mwezi uliofuata, namba zilezile. Karatasi ya namba 17 ilirudi na mwandiko uleule wa uangalifu. Anapewa 1,000 kama kwanza. Nauli 400 katika siku saba, 200 katika siku tatu. Kwenye safu ya "umekula?" pana alama ya ndiyo mara tisa, na mara moja ameandika "makande yaliisha". Kilichobaki baada ya siku kumi ni 900. Kwenye kitu na bei ameandika: mkebe wa hesabu, 2,500, mwezi ujao.